Nusu ya Kibwagizo

Uchovu wa watu wengi huanzia kichwani. Wa mwalimu huyu ulianzia miguuni. Uliingia vifundoni mwaka ule aliozaa mtoto wa pili, ukapanda magotini watoto walipoondoka nyumbani, na sasa, akiwa amebakiza muda mfupi astaafu, ulikuwa umefika kiunoni na kufanya makazi. Wanafunzi walimwita Bi Mizani. Hawakumwita hivyo mbele yake, lakini alijua, kwa sababu mwalimu husikia jina lake la kupachikwa kabla hata halijamaliza kuzunguka darasa.

Jina hilo alilipata kwa kugonga meza. Akifundisha ushairi hakutumia fimbo wala kelele. Alikunja kidole cha shahada, akagonga ubao wa meza kwa kifundo, kila silabi na pigo lake. "M-to. Mbili! M inasimama peke yake hapo, ipe haki yake. Mbe-le. Mbili! Hapo m imepanda mgongoni mwa be, haihesabiwi peke yake. Nani hajaelewa?" Darasa zima liligonga pamoja naye, na walimu wa vyumba vya jirani wakafunga madirisha. Kwake yeye mizani ni silabi, na silabi husikika kwanza, jicho hufuata baadaye. "Atakayehesabu kwa macho," alikuwa akisema, "atahesabu herufi. Tumia sikio na kidole."

Alikuwa mzuri enzi hizo. Tuseme ukweli, alikuwa mzuri sana.

Mwaka wake wa kwanza kazini shule ilikuwa na kitabu kimoja cha ushairi, nacho kilikaa ofisini kama mgeni mheshimiwa. Basi akaketi akatunga shairi lake mwenyewe, la beti mbili tu, likae kwenye ukurasa mmoja na maswali yake. Alilitunga juu ya chaki, kwa kuwa chaki ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yake. Kila ubeti ulikuwa na mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo ulikuwa na mizani kumi na sita, nane upande wa kwanza unaoitwa ukwapi, na nane upande wa pili unaoitwa utao. Katika mishororo mitatu ya mwanzo vina vya kati vilikuwa *ka*, vya mwisho *ni*, ubeti wa kwanza na wa pili vilevile, ndiyo mtiririko. Mshororo wa nne ulirudiwa kila ubeti, huo ndio kibwagizo, nao ulisema hivi:

*Chaki huisha kwa kazi, haiishi kwa kulala.*

Mumewe, ambaye wakati huo alikuwa mchumba na fundi kijana wa kuchomelea vyuma, alisomewa shairi lile akiwa na miwani yake myeusi ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso.

"Limekaa vizuri," alisema. "Ila na geti nalo huisha kwa kutu likilala."

"Wewe na mageti yako."

"Nakwambia tu. Shairi lako lina tundu hapo. Nikuchomelee?"

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba ataolewa na mtu huyo.

Basi shairi la chaki likawa zoezi. Kila mwaka, darasa la mwisho, karatasi ileile na maswali yaleyale: taja bahari ya shairi kwa idadi ya mishororo, hesabu mizani za kila mshororo, onyesha vina, eleza mpangilio wa vina, eleza kwa nini mtunzi ameuandika mshororo wa nne kama alivyouandika. Miaka ya mwanzo alisahihisha kwa raha. Miaka ya katikati alisahihisha kwa mazoea. Na mazoea yana taabu, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba taabu yenyewe huja polepole kiasi kwamba mtu huidhani pumziko.

Kwani wanafunzi nao wana kaka na dada. Karatasi ya kaka humfikia mdogo wake. Miaka ikapita, majibu yakawa wimbo. Ukipita nyuma ya madarasa kabla ya mtihani ungewasikia wakiimba kwa sauti ya kuruka kamba: "Tarbia! Kumi na sita! Nane kwa nane! Ka na ni! Mtiririko!" Bi Mizani aliwasikia. Mwanzoni alijisemea kwamba mwaka ujao ataleta shairi jipya. Mwaka ujao ulifika na maumivu yake ya miguu, naye akasema ujao mwingine.

Mwaka huu karatasi yenyewe ndiyo iliyokataa. Ilikuwa imerudufiwa kutoka kwenye nakala ya nakala hata maandishi yakawa kama sisimizi walionyeshewa mvua. Mchapaji wa ofisini, mama mmoja mwenye maneno machache na kucha ndefu, aliigeuza mara mbili kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwalimu, hii hata mganga haisomi. Nitajie mwenyewe, nichape upya."

Ilikuwa saa ya mwisho ya kazi. Bi Mizani alikaa kwenye kiti cha wageni, akavua kiatu cha kulia chini ya meza, akafumba macho na kutaja. Ubeti wa kwanza ulikuja wenyewe:

*Chaki ndogo yapunguka, ikipita ubaoni,*
*Unga wake wadondoka, watulia sakafuni,*
*Neno lake husomeka, likabaki akilini,*

"Kisha?" mchapaji aliuliza.

"Chaki huisha kwa kazi."

"Kisha?"

Hapo mwalimu alifumbua macho. Nusu ya pili alikuwa nayo, ilikuwa mdomoni kabisa, lakini kuitamka kulionekana kazi kubwa kama kuinuka. Kifundo cha mguu kilikuwa kikimpiga kama saa ya ukutani.

"Basi," akasema. "Weka nukta."

Ubeti wa pili haukuja kabisa. Shairi alilolitunga kwa mkono wake, akalifundisha ujana wake wote, ubeti mzima ukamkatalia. Mchapaji alitazama saa. Basi mwalimu akatunga mwingine palepale, kwa vina vilivyokuja:

*Mwalimu amesimama, mbele ya wake watoto,*
*Miguu inamuuma, kichwani pana uzito,*
*Hawezi kurudi nyuma, masomo ni kama mto,*
*Chaki huisha kwa kazi.*

"Huu mzuri," mchapaji alisema, na kwa mtu wa maneno machache hiyo ilikuwa hotuba.

"Utanikumbusha niusahihishe kesho," Bi Mizani alisema. Kesho yake hakuna aliyemkumbusha mwenzake. Karatasi zikarudufiwa, zikagawiwa, zikajibiwa, zikarudi mezani kwake zikiwa rundo.

Alizisahihishia nyumbani, Jumamosi, baada ya kufua. Mumewe alikuwa uani akinyoosha bawaba ya mlango wa jirani. Macho yake hayakuwa tena ya kuchomelea, lakini nyundo aliiweza.

"Zimebaki ngapi?" alipaza sauti.

"Usiniulize."

"Ng'ombe hazeeki maini, Bi Mkubwa."

"Maini sawa. Mimi tatizo langu kwato."

Alisahihisha bila kulitazama shairi. Kwa nini alitazame? Alilizaa yeye. Jicho lilishuka kwenye majibu tu: tarbia, vema. Kumi na sita, vema. Nane kwa nane, vema. Mtiririko, vema. Kalamu nyekundu ilitembea kama mbuzi anayeijua njia ya zizini. Karatasi moja ilipofika, mbuzi akasimama.

Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa taratibu, kila neno limekatwa silabi kwa vistari vya penseli. Jibu la mizani: *Mishororo mitatu ya mwanzo ina mizani kumi na sita, ukwapi nane, utao nane. Mshororo wa mwisho una mizani nane tu. Kwa sababu umekuwa mfupi kuliko mingine, shairi hili ni msuko.* Jibu la vina: *Ubeti wa kwanza vina ni ka na ni. Ubeti wa pili vina ni ma na to. Vimebadilika, kwa hiyo ni ukaraguni.* Na swali la mwisho, lililouliza kwa nini mtunzi ameuandika mshororo wa nne kama alivyouandika, ambalo wenzake wote walijibu "kusisitiza ujumbe," huyu alijibu: *Nafikiri mtunzi alikuwa amechoka.*

Bi Mizani alipiga mkasi, alama ya kosa, mmoja, wa pili, wa tatu. Kando ya jibu la mwisho aliandika *Mzaha!* na kulipigia mstari. Alama nne kati ya ishirini, zote kwa kutaja tarbia. Akaendelea na rundo.

Aliyepata nne alikuwa msichana ambaye darasa zima lilimwita Kobe. Alikuwa wa mwisho kukusanya karatasi, wa mwisho kutoka mlangoni, wa mwisho kumaliza hata uji wa mapumziko, si kwa uvivu bali kwa sababu kila kitu alikipitia mara mbili. Wenzake walimwimbia, "Kobe, Kobe, mtihani umefungwa juzi!" naye alicheka nao, kwa kuchelewa kidogo.

Alilelewa na mjomba wake, mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu fupi. Shule ilikuwa na utaratibu kwamba anayepata chini ya thelathini kwa mia kwenye jaribio la Kiswahili haandikishwi mtihani wa mwisho mwaka huo, anarudia darasa. Mjomba alisema mbele ya wateja: "Ukiandikishwa, nakusomesha. Ukirudishwa nyuma, unakuja kukaa hapa kaunta. Shule si kisima, mtu hakai humo akizunguka." Bila shairi Kobe alikuwa na kumi na nane. Na shairi, kwa alama zile nne, ishirini na mbili.

Jumatatu asubuhi karatasi zilirudishwa darasani, na majina ya walioanguka yalikuwa tayari kwa mkuu wa taaluma, ya kubandikwa mlangoni jioni. Majina yalikuwa matatu. Wawili hawakufika kabisa siku ya mtihani. Wa tatu alikuwa Kobe.

Lakini kulikuwa na utaratibu mwingine, wa Bi Mizani mwenyewe, wa tangu zamani. Anayeanguka shairi huandika masahihisho mara tatu na kuyaleta kwa mkono, chumba cha walimu, kabla ya chakula cha mchana. Hakukumbuka lini mwanafunzi wa mwisho aliyaleta. Kobe aliyaleta.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Weka hapo."

Msichana hakuweka. Alisimama na daftari kifuani. Chumba cha walimu kilikuwa na harufu ya chai iliyochemka mno, na mwalimu wa hesabu alikuwa amelala wima, kichwa ukutani.

"Mwalimu, samahani. Sijamaliza."

"Hujamaliza nini? Unanakili tu."

"Nimeandika kumi na sita kama ulivyosahihisha. Mishororo mitatu imekubali. Ule wa nne kila nikihesabu, vidole vinabaki."

"Vinabaki vipi?"

"Vinabaki, mwalimu. Naishiwa maneno kabla sijaishiwa vidole." Aliinua mikono kana kwamba kosa lilikuwa la mikono. "Nikaona nije unionyeshe hizo mizani nane nyingine ziko wapi, ili niandike. Labda najumlisha vibaya."

Hakusema kwa ujeuri. Hilo ndilo lililomfanya Bi Mizani asimfukuze. Angesema kwa ujeuri, dawa ya ujeuri ilikuwepo. Lakini msichana alikuwa ameuliza kama mtu anayeuliza choo kiko wapi, mwenye haja ya kweli. Mwalimu akavuta karatasi, akashusha pumzi, akakunja kidole.

"Sikiliza. Nitahesabu mara moja tu. Cha-ki-hu-i-sha-kwa-ka-zi." Meza ikalia mara nane. "Nane hizo. Ukwapi. Sasa utao..."

Kidole kilibaki hewani.

Kwenye karatasi, baada ya *kazi*, palikuwa na nukta. Baada ya nukta palikuwa na karatasi nyeupe. Bi Mizani alitazama weupe ule, na taratibu akakumbuka kiti cha wageni, kiatu chini ya meza, kucha ndefu za mchapaji. *Kisha? Basi. Weka nukta.* Akashuka ubeti wa pili. *Ma* na *to*. Akauona mshororo uleule, umekatwa palepale. Akapanda tena juu kama mtu anayetafuta funguo mfukoni alimokwisha kutafuta.

"Wewe," alisema hatimaye, "ulihesabu."

"Ndiyo mwalimu."

"Kwa kidole?"

"Si ndivyo ulivyosema? Sikio na kidole."

Mwalimu wa hesabu alifungua jicho moja, akaona hakuna vita, akalifunga.

Bi Mizani alitamani kukasirika, maana hasira humpa mtu nguvu. Haikuja. Kilichokuja ni uchovu wa namna nyingine, wa kuona kwamba kwa muda mrefu alikuwa akisahihisha kumbukumbu yake na si karatasi za watu. Darasa zima lilikuwa limeimba, na yeye alikuwa ameimba nalo. Mmoja tu ndiye aliyelisoma shairi, na huyo ndiye aliyeanguka.

"Kaa," alimwambia Kobe, akamsogezea kiti. Yeye akasimama.

Ofisi ya mkuu wa taaluma ilikuwa mwisho wa ukumbi. Mkuu mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na kwa sababu mfuko wa shati lake ulibeba kalamu nne wakati wote, walimu walimwita Kalamu Nne. Karatasi yenye majina matatu ilikuwa mezani, na gundi kando yake.

"Karibu Mama," alisema akiinuka. Hakuwahi kumwita mwalimu. "Kaa, kaa. Miguu inaendeleaje?"

"Ipo. Hiyo karatasi usiibandike."

Alimweleza. Alieleza vibaya, kwa kurudi nyuma na kujikwaa, kama watoto wanavyoeleza dirisha lililovunjika. Kalamu Nne alisikiliza, kisha akacheka kidogo kwa heshima.

"Mama, shairi la chaki? Hilo hata mimi nililifanya. Tarbia, kumi na sita, nane kwa nane, ka na ni..."

"Ulihesabu?"

Alishika kalamu moja, akaibadilisha na nyingine.

"Nilikuwa na karatasi ya kaka yangu," alisema. "Sasa Mama, mambo ya zamani tuyaache. Huyu binti mpe alama zake, tumfute hapa, yaishe. Nani atajua?"

"Na wale wengine?"

"Wengine wamefaulu!"

"Wamefaulu mtihani wa kaka yako. Shairi hili hawajalisoma."

"Ukisahihisha upya, nusu ya darasa itashuka chini ya thelathini. Mama, nakuomba. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wazazi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka pia. Alikuwa bado kijana, lakini ofisi huzeesha. "Kosa si lao peke yao. Wao walipewa wimbo, wakaimba."

"Kweli," Bi Mizani alisema. "Kosa ni langu kwanza. Kwa hiyo sitawaangusha kwa kosa langu. Na sitawapandisha kwalo. Nipe kipindi kimoja kesho asubuhi. Shairi lilelile. Wahesabu mbele yangu, kila mmoja kwa kidole chake. Atakachopata ndicho chake. Alama za huyu binti ziandike leo."

"Kesho asubuhi una kipindi cha mapumziko."

"Najua nilicho nacho."

Kalamu Nne alilitazama lile jina la tatu kwa muda. Kisha akachukua kalamu, nadhani ya pili kutoka kushoto, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Gundi akairudisha kwenye droo.

Aliporudi chumba cha walimu alimkuta Kobe amekaa vilevile alivyomwacha, kwenye ncha ya kiti, daftari magotini. Bi Mizani akachukua kalamu nyekundu. Alifuta mikasi, na kufuta mkasi si kazi ndogo, huacha alama mbaya kuliko mkasi wenyewe. Aliandika vema kwenye msuko, vema kwenye ukaraguni, vema kwenye mizani za kila mshororo. Alipofika kwenye *Mzaha!* alisita. Akalikata neno lake mwenyewe, mara mbili.

"Hili nani alikwambia?"

"Lipi, mwalimu?"

"Kwamba mtunzi alichoka."

Kobe alitazama sakafu. "Hakuna aliyeniambia. Ubeti wa pili unasema miguu inamuuma. Halafu mstari unakatika. Nikafikiri, kama ningekuwa mimi, ningekaa chini."

Bi Mizani aliandika vema la mwisho. Ishirini kwa ishirini. Kumi na nane na ishirini, thelathini na nane. Msichana alijumlisha kichwani, mara mbili kama kawaida yake, na ndipo uso wake ukabadilika, kwa kuchelewa kidogo.

"Mwalimu, basi naandikishwa?"

"Unaandikishwa. Mwambie mjomba wako atafute mtu mwingine wa kaunta."

Jioni ile alimsimulia mumewe wakila. Mume alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kijiko.

"Nilikwambia tangu uchumba. Tundu lilikuwa kwenye mshororo uleule wa chaki."

"Ulisema kwenye kulala, wewe, na kutu."

"Ndiyo hiyo nusu yenyewe! Imekatika yenyewe, ikanipa haki yangu." Aliondoka akarudi na beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, akaliweka chini ya meza, kama anavyolileta kila jioni. Mwalimu akatumbukiza miguu. Hapo tu, maji yalipofika vifundoni, ubeti wa pili wa zamani ukamrudia wote, mishororo mitatu, *ka* na *ni*, safi kama siku alipoutunga. Akausema kwa sauti ndogo, mara moja, kisha akauacha uende.

Asubuhi darasa lilikuwa na sauti ya soko. Habari zilikuwa zimewatangulia.

"Mwalimu, tunarudia kwa sababu ya Kobe?" aliuliza kijana mmoja wa nyuma, mchekeshaji wa darasa.

"Mnarudia kwa sababu yangu," Bi Mizani alisema. "Karatasi ileile. Na leo nikisikia mtu anasema kumi na sita kabla kidole chake hakijasema, atatoka nje akaimbie kuku."

Walicheka. Na yeye akafanya jambo ambalo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuliona: alivuta kiti cha mwalimu kutoka kwenye kona, akapangusa vumbi la chaki, akakaa.

"Someni kwa sauti. Gongeni."

Walianza kwa kusuasua, kila mmoja na wakati wake. *Cha-ki-ndo-go-ya-pu-ngu-ka*. Ilipofika *ubaoni* walikuwa wameanza kwenda pamoja, na mwalimu wa jirani akafunga dirisha lake, kama zamani. Mshororo wa pili. Wa tatu. Kwenye dawati la mbele Kobe aligonga kwa uzito uleule wa kila siku, kidole kimoja, bila haraka, na kwa mara ya kwanza hakuwa nyuma ya mtu.

*Chaki huisha kwa kazi.*

Wengi mikono iliendelea yenyewe, kwa mazoea, ikagonga meza tupu: tisa, kumi, kumi na moja. Halafu mmoja akakoma, na mwingine, wakatazamana, na kelele ikapungua kama mvua inayoacha bati. Mchekeshaji wa nyuma ndiye aliyefika kumi na sita peke yake, akakuta darasa zima linamtazama.

"Mwalimu," alisema, kidole bado mezani, "mbona imeisha?"

Bi Mizani alikuwa amevua kiatu cha kulia chini ya kiti. Hakuinuka.

"Haya," alisema. "Sasa mmeanza kusoma. Ubeti wa pili."